Namba Katika Barua Pepe ya Kifaransa: Mkato, Saa na Tarehe

(Mazungumzo na makatibu na waweka hazina wa vikundi)



Safari hii tumeombwa tuzungumze juu ya barua pepe zinazotoka kwa wanunuzi wanaotumia Kifaransa. Vikundi kadhaa vya kusuka vyondo na kuchonga sasa vina wateja Ufaransa na Ubelgiji, na wateja wenyewe wengine hawajui Kiingereza. Maneno ya barua hizo si shida kubwa sana. Katika kikundi hakukosi kijana aliyesoma Kifaransa shule ya upili, au mwalimu wa karibu anayeweza kusaidia. Mtu akikuta neno asilolijua, anauliza.

Lakini akikuta namba haulizi mtu. Namba anazijua tangu darasa la kwanza, si ndiyo? Basi anazisoma mwenyewe na kuendelea. Hapo ndipo hasara inapoingilia. Mfaransa anatumia tarakimu zilezile tunazotumia sisi, lakini alama anazozitia katikati zina maana nyingine, na saa yake huanza kuhesabiwa mahali pengine.

Tuchukue mfano wa kikundi kimoja cha akina mama upande wa Makueni. Jina lao tunaliacha. Mwaka 2025 walipata agizo la vyondo kutoka kwa mama mmoja mwenye duka dogo huko Ufaransa. Barua yake, tukiifupisha, ilikuwa hivi:

```
Bonjour,
Merci pour votre message du 1er septembre.
Je prends 150 paniers à 8,50 € pièce, soit 1 275,00 €.
Poids total : 67,500 kg.
Acompte de 30 %, soit 382,50 €, sous quinze jours.
Expédition au plus tard le vendredi 10 octobre.
Je vous appelle le mardi 9 septembre à 9 h 30.
```

Kwa Kiswahili anasema: asante kwa ujumbe wenu wa tarehe 1 Septemba. Nachukua vyondo 150. Halafu anataja bei ya kimoja, jumla, uzito, malipo ya kutangulia ya asilimia 30, siku ya mwisho ya kutuma mzigo, na siku atakayopiga simu. Barua ni fupi na ya heshima, wala haina neno gumu. Hata hivyo kikundi kilikwama mahali pawili, na walipojibu, mnunuzi naye akakwama mahali pa tatu.

Tuanze na uzito, kwa maana ndio uliozua kelele katika mkutano. Katibu alisoma "67,500 kg" kama sisi sote tungesoma: kilo elfu sitini na saba na mia tano. Mzee mmoja mshauri wa kikundi akauliza, "Mama Katibu, hizo ni lori ngapi?" Wengine wakaanza kusema ati huyu mnunuzi anataka kitu kingine, si vyondo. Jibu likacheleweshwa siku nne.

Maana yake ni kilo sitini na saba na nusu. Kwa Kifaransa, mkato, au koma kama wengine tusemavyo, ndiyo alama ya desimali. Pale sisi tunapoweka nukta, wao wanaweka mkato. Kwa hivyo 8,50 € ni yuro nane na senti hamsini, na 67,500 kg ni kilo 67 na gramu 500. Zile tarakimu tatu baada ya mkato ni gramu. Kwa vile kilo moja ina gramu elfu, watu wa mizigo hupenda kuandika tarakimu zote tatu hata kama mbili za mwisho ni sufuri. Ndiyo sababu mtego huu hutokea zaidi kwenye uzito kuliko kwenye fedha: fedha ina tarakimu mbili za senti na mtu hushtuka mapema, lakini uzito wenye tarakimu tatu unafanana kabisa na maelfu yetu.

Mtu atajuaje? Njia ya hakika ni kupiga hesabu kwa kutumia namba nyingine zilizomo katika barua ileile. Kiondo kimoja chao kilikuwa na uzito wa karibu gramu 450. Vyondo 150 mara gramu 450 ni gramu 67,500, yaani kilo 67 na nusu. Mezani walikuwa na mizani ya jikoni na kiondo kimoja, kwa hivyo hesabu hiyo ingechukua dakika mbili. Namba yoyote ya Kifaransa inayokutisha kwa ukubwa au kukuchekesha kwa udogo, ijaribu hivyo kabla ya kuipeleka kwa mkutano.

Na maelfu je, wao wanayatenganishaje? Wanaacha nafasi tu. Angalieni jumla ya barua: 1 275,00 €. Kati ya 1 na 275 hakuna alama yoyote, ni nafasi tupu, kisha unakuja mkato na senti. Ni yuro elfu moja mia mbili sabini na tano. Shilingi milioni moja na nusu wangeiandika 1 500 000. Namba yenye tarakimu nne wengine huiandika bila nafasi, 1275, na si kosa. Mwaka hautiwi nafasi kamwe: ni 2025, si 2 025.

Tukisimama kidogo hapa, desturi hii ya kuacha nafasi si ya Wafaransa peke yao. Mkutano mkuu wa mataifa juu ya vipimo, ule unaolinda maana ya mita na kilo, ulisema mwaka 1948 kwamba namba ndefu zinaweza kugawanywa kwa nafasi katika mafungu ya tarakimu tatu, na pasiwekwe nukta wala mkato katika nafasi hizo. Mwaka 2003 mkutano huohuo ukatamka kwamba alama ya desimali inaweza kuwa nukta au mkato, yote mawili ni halali. Kwa hivyo hatusemi kwamba wao wamekosea au sisi tumekosea. Faida ya nafasi ni kwamba haiwezi kusomwa vibaya na upande wowote. Mkenya akiona 45 000 anajua ni elfu arobaini na tano, na Mfaransa vilevile.

Sasa twende kwenye kosa la upande wa pili, ambalo kwa maoni yetu ni la hatari zaidi kwa sababu linatoka mikononi mwetu. Kikundi kilimwandikia mnunuzi gharama ya gari na kufunga mizigo hadi Nairobi. Mweka hazina akaandika kama anavyoandika risiti zote: Ksh. 9,500/=. Mnunuzi akajibu kwa mshangao, akiuliza kama kweli ni shilingi tisa na nusu, kwa maana hizo ni karibu senti sita za yuro.

Mwenye duka yule hakuwa na mzaha. Kwa macho ya Mfaransa 9,500 ni tisa na nusu. Ile alama yetu ya /= hakuwahi kuiona maishani mwake, na Ksh. hakuwa na hakika nayo. Bahati njema aliuliza. Angekuwa mtu wa haraka angeongeza senti sita kwenye malipo na kufunga hesabu, na kikundi kingebaki kikibishana naye juu ya shilingi 9,500 walizokwisha kumlipa mwenye gari.

Kwa hivyo katika barua ya Kifaransa, acheni /= nyumbani. Andikeni 9 500 KES, au kwa maneno 9 500 shillings kényans. Herufi tatu KES ndizo alama ya shilingi yetu inayotumiwa na mabenki ya nchi zote, kama EUR ilivyo ya yuro. Na mkitaka mnunuzi aone uzito wa gharama mara moja, mpeni pia kiasi cha yuro. Tukihesabu yuro moja kwa shilingi 150, shilingi 9,500 ni yuro 63 na senti 33, nayo huandikwa hivi: 9 500 KES (environ 63,33 €). Neno environ maana yake ni "takriban". Kiwango cha kubadilisha fedha kiulizeni benki siku ileile mnapoandika, msichukue cha mwezi uliopita.

Mmeona pia kwamba alama ya yuro inakuja baada ya namba, siyo mbele yake, na kuna nafasi kati yao: 8,50 €. Asilimia nayo ni vivyo hivyo, 30 %. Mkiandika €8.50 mnunuzi ataelewa, hatawacheka. Lakini kuna jambo moja la kompyuta. Wanunuzi wengi wanachukua namba kutoka barua yenu na kuzibandika katika jedwali la hesabu, na jedwali lililopangwa kwa Kifaransa linangoja mkato. Likipewa 8.50 yenye nukta, huenda likaichukua kama neno tu, likaiacha nje ya jumla. Mkato unaepusha hayo. Kwenye kikokotoo cha simu yenu pigeni hesabu kwa nukta kama kawaida, kisha mnapoandika barua badilisheni nukta iwe mkato.

Hatari nyingine ndogo ya nafasi ni hii. Mstari ukiisha, simu au kompyuta inaweza kuikata namba pale penye nafasi. Namba 1 inabaki mwisho wa mstari wa juu, na 275,00 € inashuka chini. Msomaji wa haraka ataona yuro 275. Wenye kompyuta nzuri wana namna ya kuandika nafasi isiyokatika, lakini kwa simu ni taabu. Dawa rahisi ni kuweka kila kiasi kikubwa cha fedha katika mstari wake peke yake, mfupi, kama mtakavyoona katika jibu tutakaloliandika baadaye.

Wale wenye wanunuzi Ubelgiji msishangae mkiona 1.275,00 €, nukta ikitenganisha maelfu na mkato ukitenganisha senti. Na Uswisi, hata wale wa Kifaransa, fedha huandikwa 1'275.00, kwa alama ndogo ya juu na nukta. Katika fedha zote hizi tazameni mwisho wa namba kwanza. Alama inayofuatwa na tarakimu mbili tu ndiyo ya senti. Nyingine yoyote iliyo kushoto kwake ni ya maelfu.

Tumalize fedha hapo, twende kwenye saa. Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu sisi Waswahili tuna saa mbili kichwani na Mfaransa anatuletea ya tatu.

Barua ilisema simu itapigwa mardi 9 septembre à 9 h 30. Kijana aliyekuwa akitafsiri akasoma kwa sauti, "Jumanne tarehe tisa, saa tisa na nusu." Akina mama wakakubaliana kukutana saa nane mchana ili wawe tayari mapema. Siku hiyo simu ililia asubuhi, katibu akiwa shambani. Alipoiona ilikuwa imelia mara tatu.

Ile h ni kifupi cha neno lao la "saa", lakini 9 h 30 ni saa tatu na nusu asubuhi. Tena ni saa tatu na nusu ya Ufaransa, jambo tutakalolirudia. Wao huhesabu kuanzia usiku wa manane mpaka usiku wa manane, sufuri mpaka ishirini na nne. Hawana a.m. wala p.m. katika maandishi. Baada ya 12 h ya mchana wanaendelea tu: 13 h, 14 h, 15 h, mpaka 23 h. Dakika zinafuata herufi h: 14 h 30, au kwa haraka 14h30 bila nafasi. Kama hakuna dakika, 14 h inatosha, hakuna haja ya kuongeza 00. Dakika tano huandikwa 05, yaani 9 h 05, ili isionekane kama kuna tarakimu iliyosahaulika.

Kutoka saa yetu kwenda yao, jiulizeni kwanza: ni mchana au ni usiku? Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ongezeni sita. Saa tatu asubuhi ni 9 h. Saa sita mchana ni 12 h. Saa nane mchana ni 14 h. Saa kumi na mbili jioni ni 18 h. Giza likiingia, kuanzia saa moja usiku hadi saa tano usiku, ongezeni kumi na nane: saa mbili usiku ni 20 h, saa tano usiku ni 23 h. Saa sita usiku ni 0 h, au minuit. Baada ya hapo, kuanzia saa saba usiku hadi alfajiri, mnapunguza sita: saa kumi alfajiri ni 4 h. Barua zenu nyingi zitakuwa za mchana, kwa hivyo kuongeza sita ndiko mtakakotumia karibu siku zote, na mkisoma ya kwao, mnapunguza sita.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni la mtu anayepitia Kiingereza. Anataka kusema saa nane mchana. Kichwani anasema kwa Kiingereza ni saa mbili, kisha anaandika 2 h. Kwa Mfaransa hiyo ni saa nane za usiku, watu wamelala. Kama mchana umepita saa sita, namba yenu lazima iwe kubwa kuliko 12. Ikiwa ndogo, rudieni hesabu. Katika simu lakini msikilize vizuri, kwa maana wanapozungumza wao pia husema "saa tatu" kwa maana ya 15 h wakiona mambo yako wazi. Ni katika maandishi ndipo wanashika ishirini na nne.

Usiku wa manane kama siku ya mwisho ya jambo ni wa kuogopa. Mtu akikwambia "Ijumaa usiku wa manane", je, ni usiku wa kuingia Ijumaa au wa kutoka? Andikeni vendredi 10 octobre à 23 h 59 na ubishi umekwisha.

Herufi hiyohiyo h hutumika pia kwa muda wa kazi. Kikundi kikiandika kwamba kiondo kimoja kinachukua 6 h 30, ni masaa sita na dakika thelathini. Lakini kikiandika 6,5 h, huo mkato ni desimali: masaa sita na nusu, si masaa sita na dakika tano wala hamsini. Vivyo hivyo 2,25 h ni masaa mawili na robo. Mambo haya ni sawa na yetu, ila mkato uko mahali pa nukta.

Sasa tofauti ya nchi kwa nchi. Kenya saa haibadiliki mwaka mzima. Ufaransa wanabadilisha mara mbili kwa mwaka: Jumapili ya mwisho ya Machi wanasogeza mbele saa moja, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanairudisha. Wakati wa kiangazi chao sisi tuko mbele yao kwa saa moja, na wakati wa baridi yao tuko mbele kwa saa mbili. Simu ile ya tarehe 9 Septemba ilikuwa majira ya kiangazi. Kwa hivyo 9 h 30 ya Ufaransa ilikuwa 10 h 30 ya Kenya, yaani saa nne na nusu asubuhi kwetu. Kama ingekuwa Novemba, 9 h 30 yao ingekuwa 11 h 30 yetu, saa tano na nusu.

Barua ya mnunuzi haikusema ni saa ya nchi gani. Mara nyingi hawasemi, kila mtu huandika kwa saa iliyo ukutani kwake. Nyinyi semeni. Maneno yake ni heure de Paris kwa saa ya kwao na heure de Nairobi kwa saa yetu. Andikeni zote mbili pamoja na atakayekosea kuhesabu ataonekana mara moja.

Tarehe tutazipita kwa haraka, maana hapa Mfaransa na Mkenya wanakaribiana. Wote tunaanza na siku, kisha mwezi, kisha mwaka. Namba 10/09/2025 ni tarehe 10 Septemba kwao na kwetu. Shida inaletwa na simu na kompyuta ambazo zimetoka kiwandani zikiwa zimepangwa English (United States). Wamarekani wanaanza na mwezi, na kompyuta hiyo itaichukua 10/09 kama tarehe 9 Oktoba. Kwa hivyo tunapendelea mwezi uandikwe kwa jina: le 10 septembre 2025. Majina ya miezi na ya siku hayaanzi kwa herufi kubwa, na kati ya siku, tarehe, mwezi na mwaka hakuna mkato: le mardi 9 septembre 2025. Tarehe moja peke yake ndiyo huandikwa 1er, kama alivyofanya mnunuzi. Tarehe 2 na kuendelea ni namba tupu. Kuweni macho na juin na juillet, Juni na Julai, ambazo huchanganywa. Alama za juu kama za août na février hupatikana kwenye simu kwa kubonyeza herufi na kushikilia kidogo.

Kutaja jina la siku kando ya tarehe kunasaidia kuliko watu wanavyodhani. Mkiandika vendredi 10 octobre na kalenda inasema tarehe 10 ni Jumamosi, basi mmoja wenu amekosea na mtajua kabla mzigo haujafungwa.

Yako maneno mawili ya siku yanayowatatiza wengi. Mnunuzi alisema malipo ya kutangulia yatakuja sous quinze jours, "ndani ya siku kumi na tano". Kwa desturi ya Wafaransa siku kumi na tano ni namna ya kusema wiki mbili, na "siku nane" ni namna ya kusema wiki moja, kwa kuwa wanaihesabu siku ya kuanzia na ya kumalizia. Kwa hivyo kutoka Jumanne tarehe 2 Septemba, alikuwa na maana ya kama Jumanne tarehe 16, si siku iliyopimwa kwa rula. Kwa fedha msiache hivyo, ombeni tarehe. Lingine ni avant le 16, maana yake kabla ya tarehe 16, na mtu mkali atasema tarehe 16 yenyewe haimo. Mkitaka iwemo, andikeni au plus tard le 16, yaani isizidi tarehe 16.

Maduka makubwa zaidi yanaweza kuwaandikia wiki kwa namba, kwa mfano S41. Ni wiki ya 41 ya mwaka. Wiki zao zinaanza Jumatatu, na wiki ya kwanza ni ile yenye Alhamisi ya kwanza ya mwaka. Mwaka 2025 wiki ya 41 ilianza Jumatatu tarehe 6 Oktoba. Kalenda nyingi za simu zinaweza kuonyesha namba hizo mkiziwasha katika mipangilio.

Baada ya simu iliyokosekana, kikundi kiliandika upya. Mnunuzi alikuwa amekubali kupiga tena Alhamisi, mchana. Jibu lao lilitoka hivi, na mkitaka mnaweza kulinakili mkibadilisha namba:

```
Madame,
Nous confirmons votre commande du 2 septembre 2025.
150 paniers à 8,50 € pièce
Total : 1 275,00 €
Acompte (30 %) : 382,50 €,
au plus tard le mardi 16 septembre
Poids total : 67,5 kg
Transport jusqu'à Nairobi : 9 500 KES
(environ 63,33 €)
Appel : jeudi 11 septembre,
14 h 30 heure de Paris, 15 h 30 heure de Nairobi
```

Angalieni uzito: wameandika 67,5 kg, wakaacha zile sufuri mbili zilizoleta kelele. Ni uzito uleule. Saa ya simu, 15 h 30 ya Nairobi, ondoeni sita: saa tisa na nusu alasiri. Safari hii akina mama wakakaa chini ya mwembe saa tisa, na simu ikalia kwa wakati wake.

Mkiwa na mnunuzi wa namna hii, jambo moja liandikeni katika daftari la katibu tangu sasa. Mikutano ya simu iliyopangwa kila wiki kwa saa ya Paris itasogea kwetu kwa saa nzima baada ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Ile ya 14 h 30, iliyokuwa saa tisa na nusu, itakuwa saa kumi na nusu mpaka Machi. Mnunuzi hatawaambia, kwa maana kwake saa ya ukutani haijabadilika.